Vyumba, hatifungani au mfuko: pesa ya mtoto atakayetutegemea maisha

Mafao yangu ya bandarini Mombasa yalipotoka yalikuwa shilingi 3,200,000, na kabla hayajakaa benki wiki moja kila mtu alikuwa na neno lake. Kaka yangu alisema ninunue vyumba vya kupangisha Kisauni. Shemeji alisema hatifungani za serikali, yaani niikopeshe serikali inilipe riba, hazina mpangaji wala choo cha kuziba. Mke wangu alitaka pesa iwekwe kwenye mfuko wa uwekezaji ambao mtu anaweza kutoa pesa zake kwa simu. Wote watatu walikuwa wakibishana juu ya faida, na kama pesa ingekuwa ya kununulia gari ningewafuata papo hapo.

Lakini pesa hii ni ya binti yetu. Ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo na kifafa, haongei wala hatembei. Wenzake watamaliza shule na kujitegemea. Yeye atahitaji mtu wa kumlisha na kumbadilisha akiwa na miaka 40, wakati mimi na mamake huenda hatupo. Kwa hiyo kila chaguo nililipima kwa maswali mawili. La kwanza: baada ya kutoa kupanda kwa bei, linampa kiasi gani kwa mwezi, mwaka huu na miaka 30 ijayo? La pili, ambalo ndilo lililoamua: mwezi wa kwanza nikishazikwa, nani atashika pesa hiyo, na kwa haki gani?

Nianze na gharama yenyewe. Msaidizi wa kushinda naye ni 10,000 kwa mwezi. Nepi za watu wazima 6,000, mazoezi ya viungo 6,000, dawa za kifafa na nauli za kliniki 3,000. Jumla 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Chakula na malazi sikuviweka kwa sababu anaishi nasi. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, gharama hiyo itakuwa 50,000 kwa mwezi baada ya miaka 12 hivi. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunatazama riba ya mwaka huu tukasahau kwamba nepi ya mwaka wa kumi na mbili itanunuliwa kwa pesa ya mwaka wa kumi na mbili.

Nilitenga 200,000 pembeni kwa dharura, nikazilinganisha njia tatu kwa milioni 3 iliyobaki. Viwango ni vya mfano wangu. Weka vya siku yako.

| | Vyumba 6 | Hatifungani ya miaka 15 | Mfuko wa soko la fedha |
|---|---|---|---|
| Pato la mwaka | 213,600 | 351,000 | 255,000 |
| Linalotumika kwa mwezi bila mtaji kuliwa na bei | 17,800 | 14,250 | 6,250 |
| Pesa ya ghafla | Hakuna | Kuuza sokoni, huenda kwa hasara | Siku chache |
| Mwenyewe akifa | Kodi inaendelea, atakayeikusanya hajulikani | Inafungwa hadi mahakama iseme | Unafungwa hadi mahakama iseme |

Safu ya kwanza ndiyo shemeji aliyonionyesha, na kwa safu hiyo hatifungani imeshinda mbali. Safu ya pili ilinichukua jioni mbili za kalamu na karatasi.

Hatifungani ya mfano wangu inalipa asilimia 13. Kwa hatifungani ya miaka 10 au zaidi, serikali hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba (zile fupi zaidi hukatwa asilimia 15), kwa hiyo mkononi inabaki asilimia 11.7, sawa na 351,000, nayo huja mara mbili kwa mwaka. Za miundombinu ndizo zilizosifiwa zaidi mitaani, kwa kuwa riba yake imekuwa ikitolewa bila kodi; ile ya Februari 2024 ililipa karibu asilimia 18 na nusu, na sijaona tena watu wakizungumzia Benki Kuu namna ile barazani. Kiwango kidogo cha kununua hatifungani ya kawaida ni 50,000, na unanunua mwenyewe kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, bila dalali.

Tabu ni kwamba riba ile haipandi. Mwaka wa 15 unapokea 351,000 ile ile ya mwaka wa kwanza, kisha unarudishiwa milioni 3 ambayo imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ukitaka mtoto asife njaa uzeeni lazima kila mwaka urudishe asilimia 6 ya mtaji, yaani 180,000, ununue hatifungani nyingine. Kinachobaki cha kula ni 171,000, au 14,250 kwa mwezi. Mimi naweza kuwa na nidhamu hiyo. Je, mtu atakayenifuata, akiona 351,000 imeingia na ana watoto wake wa kulipia karo?

Mfuko wa soko la fedha una udhaifu huo huo kwa ukubwa zaidi. Ukilipa asilimia 10, ukakatwa kodi ya asilimia 15 kwenye faida, inabaki asilimia 8.5. Toa 6 za bei, unasalia na 2.5: 6,250 kwa mwezi. Hiyo ni pesa ya nepi peke yake. Mfuko ni mahali pazuri pa kuweka pesa ya miezi minane ya gharama zake zote, ndiyo ile 200,000 yangu. Kuuacha ubebe miaka 40 ni kumwonea. Hakikisha tu kwamba umesajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa maana wapo wanaojiita mfuko na hawamo kwenye orodha.

Kwa familia ya Kiislamu kama yetu kuna jambo jingine ambalo shemeji alilipita kimya: riba. Hatifungani na mifuko ya kawaida ni riba, na mke wangu alisema waziwazi kwamba hatamlisha mtoto huyu kwayo. Mifuko inayofuata sharia ipo, na benki za Kiislamu zina akaunti za mudharaba ambapo mnagawana faida. Nilichukua mfuko wa sharia kwa ile ya dharura. Asiyejali hilo, hesabu ya hapo juu inamtosha.

Sasa vyumba. Nyumba niliyoiona Mtopanga ina vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba 4,000. Kwa makaratasi ni 288,000 kwa mwaka. Dalali atakutajia namba hiyo na kunyamaza. Mimi nilitoa mwezi mmoja kwa vyumba vitupu na wasiolipa, ikabaki 264,000. Nikatoa mwezi mwingine, 24,000, kwa matengenezo, na huo si mwingi, kwa sababu mabati ya pwani huliwa na chumvi na mashimo ya choo hujaa. Kisha nikatoa asilimia 10 ya makusanyo, 26,400, kwa mtu wa kukusanya kodi. Leo nakusanya mwenyewe bure, lakini nikifa hakuna atakayefanya kazi hiyo miaka 30 kwa thawabu. Ikabaki 213,600. Bahati nzuri kodi ya KRA ya mapato ya nyumba, asilimia 7.5 ya makusanyo yote, huanza pale kodi za wapangaji za mwaka zinapozidi 288,000, nasi tuko chini ya hapo.

Ukilinganisha mwaka wa kwanza, vyumba vimepitwa na hatifungani kwa zaidi ya 137,000. Lakini kodi ya chumba hupanda pamoja na bei za vitu vingine, na nyumba yenyewe pia, kwa hiyo huhitaji kurudisha chochote. 17,800 ya leo inabaki na nguvu ya 17,800. Hapa nakiri kuna imani ndani ya hesabu. Kodi za vyumba vya bei ya chini hazipandi kila mwaka; hukaa miaka mitatu minne palepale kisha zikaruka. Kabla ya kununua nilimuuliza mpangaji mkongwe wa nyumba ile alikuwa akilipa kiasi gani alipohamia miaka tisa nyuma. Alisema 2,500. Kutoka 2,500 hadi 4,000 kwa miaka tisa ni zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka, karibu na bei za dukani. Angesema 3,500 ningeondoka, maana huo ungekuwa mtaa uliosimama.

Na kuna mtego wa Mombasa wenyewe: nyumba bila ardhi. Huku kwetu mtu anaweza kumiliki kuta na mabati huku ardhi ni ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Bei yake ni ya kuvutia, unaweza kupata vyumba kumi kwa pesa ya sita. Mwenye ardhi akiuza, wewe na mnunuzi mpya ndio mtakaojuana. Kwa mtu mwenye afya na miaka 10 ya kuvuna, pengine. Kwa mtoto ambaye hataweza kusimama mahakamani kujitetea, sikuigusa. Nililipia upekuzi wa hatimiliki katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya udalali.

Bima ya elimu niliyotembelewa nayo mara tatu naipita haraka. Inaiva baada ya miaka 10 au 15, yaani inalipa siku ambayo mtoto wa kawaida anaingia chuo, kisha inakwisha. Wangu siku hiyo ndiyo kwanza anaanza utu uzima. Bima ya maisha ya kawaida, ile ya bei nafuu inayolipa mzazi akifa mapema, ina maana zaidi, hasa kwa kijana asiye na mtaji bado. Lakini nayo inarudi kwenye swali la pili: italipwa mkononi mwa nani?

Hilo ndilo swali ambalo hakuna muuzaji aliyenijibu. Mali iwe nyumba au hatifungani, itaandikwa kwa jina, na kuna majina manne tu ya kuchagua.

Jina langu. Nikifa, akaunti na hatifungani zinasimama mpaka familia ipate hati ya usimamizi wa mirathi. Nyumba haisimami, na hilo linaweza kuwa baya zaidi: wapangaji watalipa kwa yeyote atakayefika na sauti ya kujiamini tarehe tano. Kisha mirathi inagawanywa. Sisi ni Waislamu, nina mke, watoto wa kiume wawili na binti huyu. Chukua nyumba hii ya milioni 3 peke yake: mke anapata moja ya nane, 375,000. Inayobaki ni 2,625,000, mafungu matano, kila kijana mawili na binti moja. Fungu lake ni 525,000. Kwa pato la nyumba, ni kama 3,100 kwa mwezi kwa mtu anayehitaji 25,000. Wala siwezi kuandika wasia wa kumwongezea, kwa sababu wasia haumwendei mrithi ila warithi wenzake wakubali, na kukubali huko huulizwa baada ya mimi kufa.

Kwa jirani zetu Wakristo mlango ni mwingine. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamruhusu mtu kuandika wasia na kumwekea mtoto fungu kubwa chini ya wadhamini, na mtoto ni mtegemezi anayeweza kudai haki yake mahakamani akiwa amesahauliwa. Asipoandika wasia, mjane anatumia mali maisha yake, kisha watoto wanagawana sawa, na usawa huo hautazami nani anaweza kufanya kazi.

Jina la mtoto. Linaonekana la haki kuliko yote, nami nilikaribia kulichukua. Mpaka miaka 18 mzazi husimamia. Siku anapofika 18, kwa benki na kwa ofisi ya ardhi yeye ni mtu mzima, naye tu ndiye wa kutia sahihi. Hawezi. Hapo mzazi hana mamlaka tena, na njia ni kwenda Mahakama Kuu kuomba ateuliwe kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, kwa ripoti za daktari na wakili wa kulipwa. Nimeona mama wa kliniki yetu akizunguka na mafaili kwa ajili ya pesa aliyoiweka mwenyewe. Wenye watoto wa miaka 16 na 17 wasingoje: mahakama ya watoto inaweza kurefusha jukumu la mzazi kupita miaka 18 kwa sababu ya ulemavu wa namna hii, na ni rahisi kuomba mapema.

Jina la kaka yake. Huu ndio mpango wa familia nyingi ninazozijua: "Mpe kakake, atamtunza." Kwa sheria umempa zawadi. Akikopa, mali inadaiwa. Akifa, warithi wake ni mkewe na wanawe, si dadake. Nilipomweleza kijana wangu mkubwa alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Baba, hujaniamini?" Nikamwambia, "Wewe nakuamini, mwanangu. Aliyekukopesha pikipiki simjui."

Jina la nne ni chombo ambacho si mtu. Kwa yeyote, dini yoyote, ni amana ya familia: wakili anaandika hati, wadhamini wawili watatu wanatajwa pamoja na watakaowafuata, na tangu marekebisho ya 2021 ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 164, amana ya familia inaweza kusajiliwa ikamiliki mali kwa jina lake hata wadhamini wakibadilika. Ndicho chombo pekee kinachoifanya hatifungani ifae mtoto wa aina hii, kwa kuwa riba inaingia kwenye akaunti ya amana na hakuna kifo kinachoifunga. Ningekuwa siogopi riba ningeweka nusu humo, nusu kwenye vyumba.

Kwa Mwislamu mwenye nyumba, cha pwani ni wakfu. Wengi wanaujua wa misikiti na makaburi, wakasahau kwamba kuna wakfu wa familia: nyumba inafungwa, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na pato lake linaenda kwa uliyemtaja, kisha baada yake kwa mafukara au msikiti. Hati yangu inasema pato kwanza litengeneze nyumba, linalobaki ni la binti yangu maisha yake, kisha liende kwa watoto wengine wenye ulemavu mtaani kwetu. Msimamizi wa kwanza ni mimi, wa pili mamake, wa tatu kakake pamoja na binti wa shangazi yake ambaye ni muuguzi, wawili kwa pamoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Wakfu unasajiliwa kwa Makamishna wa Wakfu hapa Mombasa. Umefanywa nikiwa mzima, na hilo ni muhimu. Unaofanywa katika maradhi ya kufa huhesabiwa kama wasia, na kanuni za wasia zikaurudia.

Shehe aliniuliza kama nimewadhulumu ndugu zake. Wako wanazuoni walioruhusu kumzidishia mtoto kwa sababu ya maradhi ya kudumu au upofu, nayo nyumba tunayoishi Majengo haimo kwenye wakfu, itagawanywa kwa mafungu ya kawaida. Vijana wote wawili walikuwepo hati iliposomwa. Sikulazimika kuwaita kisheria, lakini kesi nyingi za wakfu huanza na mtoto aliyesikia habari hizo matangani.

Hesabu haijafunga bado. Vyumba vinatoa 17,800, mahitaji ni 25,000, pengo ni 7,200. Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa ni 2,000 kwa mwezi, na familia ikiwa imeingizwa kwenye mpango huo inaziba sehemu. Iliyobaki tunaijenga sasa tukiwa na nguvu: gharama zake tunazibeba mimi na mamake, kodi inakusanywa kwenye akaunti ya wakfu, na ikifika ya kutosha tunaongeza vyumba viwili nyuma. Vyumba vinane vingeleta 384,000 kwa mwaka, lakini hapo tunavuka mpaka wa KRA. Ukitoa mwezi wa vyumba vitupu, mwezi wa matengenezo, mkusanyaji na kodi ya asilimia 7.5, zinabaki kama 258,000, au 21,500 kwa mwezi kwa bei za leo.

Nimelipa pia kwa njia nyingine. Wakfu haurudi nyuma. Akihitaji upasuaji wa nyonga wa laki tano mwaka ujao, siwezi kuuza nyumba ile wala kuiweka rehani, hata mimi mwenyewe niliyeinunua. Mwenye hatifungani angeuza kwa hasara kidogo na kulipa hospitali wiki hiyo. Ndiyo sababu ile 200,000 ya mfuko siigusi, na ndiyo sababu mke wangu, ambaye mwanzo alitaka pesa yote iende huko, ameshinda sehemu yake: kila mwezi anatoa 3,000 kwenye biashara yake ya mahamri na kuiongeza kwenye mfuko, kwa jina letu sote wawili.